Muhtasari wa deklara mmoja wa Lubumbashi, kabla na baada

"Jambo Mama. Mimi ni deklara wa forodha hapa Lubumbashi, natafuta kazi kwenye kampuni kubwa zaidi. Nina profaili ya LinkedIn, mwaka wa pili sasa, na hakuna anayeniandikia. Rafiki yangu anasema muhtasari wangu ni maneno matupu, lakini kila nikipunguza naona kama najidharau. Nimeutafsiri kutoka Kifaransa uusome: ‘Mtaalamu mahiri wa lojistiki na forodha mwenye shauku, uzoefu mkubwa na matokeo yaliyothibitishwa. Kiongozi mwenye maono, mchapakazi, anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo na kutoa suluhisho bunifu zenye thamani kwa wateja. Natafuta changamoto mpya.’ Niuandike vipi bila kujisifu na bila kujishusha?"

Jambo mwanangu. Niliusoma muhtasari wako nikiwa na kalamu nyekundu, nikafuta kila neno ambalo muuza bima, mwalimu wa chekechea au meneja wa hoteli angeweza kulichukua akaliweka kwenye profaili yake bila kubadilisha kitu. Yakabaki maneno matatu: "lojistiki na forodha". Hayo mengine si uongo, na siamini uliyaandika kwa majivuno. Kasoro yake ni kwamba hayakuhusu wewe. Ukiyaondoa, hakuna anayejua zaidi wala pungufu juu yako, na ndiyo maana mtu anakufungua, anasoma, anakufunga.

Mimi nachagua watu wa kampuni za uwakala na usafirishaji hapa Lubumbashi, mwaka wa kumi na moja sasa, kwa hiyo nikuambie tunavyosoma. Mkuu wa idara ya tranziti, ile inayopitisha mizigo forodhani, ananiambia anahitaji mtu. Naandika maneno kwenye kisanduku cha kutafutia, napata orodha, nafungua profaili moja moja. Kwenye sehemu inayoitwa Infos, LinkedIn inanionyesha mistari michache tu ya mwanzo, mitatu au minne, na kwenye simu ni finyu zaidi. Yanayobaki yamefichwa mpaka nibonyeze. Kwako mistari hiyo yote inakwenda kwenye umahiri na shauku. Sijaona bidhaa, sijaona mpaka, sijaona mfumo unaoutumia. Sibonyezi. Nikibonyeza, nampelekea yule mkuu wa tranziti, naye ametengeneza matamko ya forodha tangu wewe ukiwa shule. Huyo hakuulizi kama una maono. Anauliza: huyu anashughulika na mizigo gani, inapitia wapi, na anaifanya kazi peke yake au kuna mtu anamkagua?

Ndiyo sababu nilikuomba unitumie ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili chetu, unieleze dosie moja, yaani faili la mzigo mmoja, tangu inapofika mezani kwako mpaka lori linapoachiwa. Nilikuomba hivyo kwa makusudi. Kifaransa cha barua za kazi tumekifundishwa kikiwa kimeshajaa maneno hayo ya umahiri na changamoto, na ukikaa mbele ya skrini ukiandika kwa lugha hiyo yanakuja yenyewe. Kwa Kiswahili cha nyumbani hayaji. Hakuna deklara anayekaa na mjomba wake hapa mjini, pale komini ya Kenya au Kamalondo, akamwambia "mimi natoa suluhisho bunifu zenye thamani". Anamwambia kazi yake.

Nawe ukaniambia. Dakika nne za sauti, na ndani yake mlikuwa na sentensi hii, niliyoiandika kama ulivyoitamka: "Mama, fakitire ikiandika ‘pampu’ tu, mi siingize mu Sydonia. Naombaka kwanza fishi tekiniki. Njo pale najua kama ni pampu nzima ao ni bipande."

Niliirudia mara tatu. Ndani ya sentensi hiyo kuna kila kitu ambacho muhtasari wako wa zamani ulidai bila kukionyesha. Kwa wasiojua kazi hii: Sydonia ni mfumo wa kompyuta tunaoingizia matamko ya forodha, na fishi tekiniki ni karatasi ya muuzaji yenye maelezo ya kiufundi. Pampu ya kusukumia maji au tope la madini, ikiwa nzima na ni ya aina ya sentrifugo, kwa kawaida inaingia kwenye namba ya ushuru 8413.70. Sehemu za pampu, kama vile feni yake ya ndani au ganda lake, zina namba yao, 8413.91. Ankara ya muuzaji mara nyingi inaandika neno moja tu, na deklara mwenye haraka anaingiza namba ya kwanza inayomjia. Halafu mkaguzi wa DGDA, mamlaka ya forodha ya Kongo, anafungua kreti pale mpakani Kasumbalesa, anakuta kilichomo si kilichoandikwa, na kuanzia hapo ni barua, marekebisho, faini, na lori limesimama maegeshoni huku mgodi unasubiri kipuri. Wewe unazuia hayo kwa kuomba karatasi moja kabla. Huko ndiko kuwa makini. Lakini neno "makini" halimwambii mkuu wa tranziti lolote, na karatasi unayoiomba inamwambia yote.

Kwa hiyo mwanzo wako mpya tuuchukue hapo. Sentensi ya kwanza ijibu maswali matatu ya yule msomaji: unafanya nini, juu ya mzigo gani, unaopita wapi. "Natayarisha matamko ya forodha ya kuingiza vipuri vya migodini, hasa pampu na sehemu zake, vinavyopita Kasumbalesa." Hakuna sifa hata moja ndani yake, na tayari watu wengi wanaojiita "wataalamu wa lojistiki" hawawezi kuiandika, kwa kuwa hawafanyi kazi hiyo. Mzigo wenyewe umekutofautisha nao.

Sasa lile linalokuumiza, la kujisifu na kujishusha. Hapa Kiswahili kinakusaidia kuliko unavyodhani, kwa sababu kila kitenzi kinakulazimisha useme ni nani aliyefanya. Kati ya "nilipunguza" na "tulipunguza" kuna silabi moja, na silabi hiyo ndiyo unyenyekevu wenyewe. Pitia kila kitenzi cha muhtasari wako ujiulize: hapa ni *ni* au ni *tu*? Ulipotengeneza tamko peke yako, andika *ni*. Mlipokwenda wanne kuhesabu kreti, andika *tu*, kisha useme sehemu yako ilikuwa ipi. Alipotia sahihi msimamizi wenu, mtaje yeye kwa cheo chake. Mtu akisoma "msimamizi wetu ndiye anayetia sahihi" hakuoni mdogo. Anaona mtu anayejua mpaka wa kazi yake, na kwenye forodha huyo ndiye tunayemtafuta, maana asiyejua mpaka wake ndiye anayetia sahihi pasipo idhini.

Miaka michache iliyopita nilimwita kwenye usaili kijana aliyeandika kwamba "alisimamia mnyororo wote wa uagizaji" wa kampuni moja. Nilifurahi, maana tulihitaji mtu wa namna hiyo. Mkuu wa tranziti akamuuliza swali la kawaida kabisa: ankara imekuja, uzito ulioandikwa haulingani na ule wa hati ya usafirishaji, unaanzia wapi? Kijana akanyamaza. Polepole tukaelewa kwamba alikuwa akipeleka mafaili kati ya ofisi na benki na kurudisha risiti. Hiyo ni kazi halali, na mtu aliyeifanya miaka miwili bila kupoteza karatasi ningemwajiri kama msaidizi siku ileile. Lakini nafasi aliyoitiwa ilikuwa nyingine, na baada ya dakika ile hakuna aliyemsikiliza tena. Bado naumia nikimkumbuka. Kazi yake ya kweli ingempatia mahali, ile aliyoiandika ndiyo iliyomfunga mlango.

Wewe kosa lako ni la upande wa pili, na ni kosa vilevile. Kwenye sauti yako uliniambia, kama kitu cha kupita tu, kwamba mwaka 2023 ulitengeneza karatasi ya ukaguzi ya ukurasa mmoja, yenye vitu vya kuangalia kabla ya kuingiza dosie, na kwamba wenzako wawili wanaitumia mpaka leo. Nilipokuuliza mbona hukuiandika, ulisema "ni karatasi tu". Kwenye sehemu ya uzoefu uliandika "nilishiriki katika uboreshaji wa taratibu". Hukushiriki, mwanangu. Uliitengeneza wewe. Ukiandika "nilishiriki" umedanganya, hata kama umedanganya kwa kujipunguza. Sema tu ilivyo: nilitengeneza karatasi ya ukaguzi, wenzangu wawili wanaitumia. Usiongeze kwamba ilileta mapinduzi, usiseme ni kitu kidogo. Msomaji ataipima mwenyewe.

Wazee wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na najua wengi wetu tumelelewa hivyo, ndiyo maana mkono unakuwa mzito tukianza kuandika juu yetu wenyewe. Lakini chema hujiuza pale sokoni kinapoonekana. Kilichofungwa ndani ya gunia la "uzoefu mkubwa" hakionekani.

Juu ya namba. Rafiki zako watakushauri uweke asilimia, "niliongeza ufanisi kwa 40%". Usiweke. Swali la kwanza litakuwa asilimia arobaini ya nini, na la pili ni nani aliyehesabu, nawe hutakuwa na jibu. Weka namba unayoweza kuihesabu kwenye daftari lako au kwenye mfumo, hata ikiwa ndogo. Uliniambia unapitisha dosie kumi mpaka kumi na mbili kwa wiki. Hiyo inatosha. Mtu wa kazi anajua uzito wake, anajua kwamba vipuri vyenye mistari thelathini ndani ya ankara moja si sawa na lori la saruji. Nilikuomba uhesabu wiki nane zilizopita ili tusikisie, nawe ulipata hizohizo, kwa hiyo "kumi hadi kumi na mbili" inasimama.

Namba za wateja ziache kabisa. Mgodi gani, tani ngapi, thamani gani ya ankara: hizo si zako. Nimewahi kuona profaili ya wakala iliyotaja jina la mgodi na thamani ya mzigo, na mkuu niliyemwonyesha hakusoma zaidi. Alisema kama ametoa siri za huyu, kesho atatoa zetu. Ukisema "makampuni ya uchimbaji shaba ya Lualaba na Haut-Katanga" umesema kiasi cha kutosha.

Kuna sentensi moja nitakuomba uiandike ambayo najua hutaipenda: ile ya usichokijua. Uliniambia matamko ya kusafirisha nje, ya katodi za shaba na hidroksidi ya kobalti, hujayafanya peke yako, umesaidia machache tu. Liweke hilo wazi. Kampuni kubwa unazozitamani zinafanya pande zote mbili, na zikikuita bila kujua hilo litajitokeza ndani ya dakika tano za usaili. Likiwa limeandikwa tayari, anayekuita amekubali kukufundisha, au anakutaka kwa upande wa kuingiza tu. Tena linayapa nguvu yote yaliyotangulia: mtu anayetaja asichokiweza anaaminika zaidi anapotaja anachokiweza. Ila sentensi iwe moja tu, na isiwe ya kuomba radhi.

Huu ndio muhtasari niliouunganisha kutoka kwenye maneno yako. Badilisha palipo na kosa.

"Mimi ni deklara wa forodha, Lubumbashi. Tangu 2021 natayarisha matamko ya kuingiza vipuri vya migodini, hasa pampu na sehemu zake, vinavyopita Kasumbalesa.

Kwa wiki moja napitisha dosie kumi hadi kumi na mbili kwenye Sydonia World, nyingi zikiwa IM4. Kabla ya kuingiza dosie nalinganisha ankara na maelezo ya kiufundi ya muuzaji, kwa sababu pampu nzima na sehemu ya pampu hazina namba moja ya ushuru, na kosa hilo husimamisha lori mpakani.

Ofisini tuko wanne. Mimi natayarisha tamko na kulifuatilia mpaka mzigo uachiwe. Msimamizi wetu ndiye anayetia sahihi na kuzungumza na wateja. Mwaka 2023 nilitengeneza karatasi ya ukaguzi ya ukurasa mmoja, na wenzangu wawili wanaitumia.

Matamko ya kusafirisha shaba na kobalti nimesaidia machache, sijayafanya peke yangu; ndio upande ninaotaka kujifunza. Naongea Kiswahili, Kifaransa na Kibemba. Kiingereza nakisoma vizuri kuliko ninavyokisema."

LinkedIn inakupa nafasi ya herufi 2,600 hapo, na hapa hujafika hata nusu. Usiogope nafasi tupu. Ukiona hamu ya kuijaza, ongeza dosie nyingine uliyoishughulikia, usiongeze sifa. Wala usitumie zile herufi nene za mapambo ambazo watu wananakili kutoka tovuti nyingine. Si herufi za kawaida, kwa hiyo mtu akitafuta "Sydonia" huenda asikupate, na simu inayomsomea kwa sauti asiyeona inaweza kuziruka au kuzisoma vibaya.

Angalia pia kilichotokea kwenye mistari ya mwanzo: deklara, Lubumbashi, vipuri vya migodini, pampu, Kasumbalesa. Yote yamo kabla ya msomaji kubonyeza. Na maneno ambayo mimi huandika kwenye kisanduku cha kutafutia ndiyo hayohayo: jina la mfumo, aina ya tamko kama IM4, ile ya kuingiza mzigo utumike nchini, na jina la mpaka. Sijawahi kutafuta neno "shauku". Kwenye mstari wa cheo, wenye herufi 220, andika cheo kama kampuni zinavyokitafuta hapa, "Déclarant en douane", kisha bidhaa na mji. Toa kile cha "mtaalamu mahiri".

Sasa itakubidi uurudishe kwenye Kifaransa, na hapo ndipo wengi wanapopoteza kazi yote. Ukianza kutafsiri, yale maneno matupu yanarudi. "Nalinganisha ankara" inataka kugeuka kuwa "nahakikisha uzingatiaji wa taratibu", na "natengeneza" inataka kuwa "naratibu utekelezaji". Dalili yake ni rahisi kuiona: kitenzi kimegeuka jina, na mtu aliyekuwa akifanya kitu ametoweka. Tafsiri kitenzi kwa kitenzi, kitu kwa kitu. Kama kwa Kiswahili kuna mtu, ankara na karatasi ya kiufundi, Kifaransa nacho kiwe na mtu, ankara na karatasi ya kiufundi. Sydonia World, IM4, DGDA na Kasumbalesa ziache zilivyo katika kila lugha. Ukitaka na Kiingereza, LinkedIn inakuruhusu kuongeza profaili ya lugha ya pili pembeni ya ile ya kwanza, basi usichanganye lugha mbili ndani ya muhtasari mmoja.

Kabla hujahifadhi, mpe mwenzako mmoja wa ofisini asome, yule anayeitumia karatasi yako. Usimuulize kama ni nzuri. Muulize kama kuna sentensi ambayo angeibishia mbele ya msimamizi wenu. Akisita mahali, hapo kuna *ni* iliyopaswa kuwa *tu*, au namba iliyonyooshwa. Akisema umesahau kitu, na nadhani atasema, kiongeze. Ukiwa bado na kazi huko, zima kwanza kwenye mipangilio ile taarifa inayowatangazia watu uliounganishwa nao kwamba umebadilisha profaili.

Na Kibemba usikifute. Niliona kwenye sauti yako ulikitaja kwa aibu kidogo, kama lugha ya nyumbani tu isiyostahili karatasi. Ukivuka Kasumbalesa kwenda Zambia, Kibemba ndicho kinachosemwa, na saa tatu usiku lori likiwa limekwama upande wa pili, anayeweza kumpigia simu wakala wa kule na kuelewana naye kwa lugha yake ana kitu ambacho mkuu wa tranziti atakiona kabla hata ya diploma yako.